PS5 au seva ya mbali: kisa cha nyumba moja ya Ilazo, Dodoma

Mtumishi mmoja wa umma anayeishi Ilazo, Dodoma, pamoja na mdogo wake anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, alikuwa ametenga shilingi 1,750,000 kwa ajili ya gemu. Kabla ya kuzitumia akasikia kwamba siku hizi si lazima kununua mashine: unalipia huduma kwa mwezi, gemu inaendeshwa kwenye seva iliyo nchi nyingine, picha yake inakufikia kwa intaneti kama video, na kila kitufe unachobonyeza kinasafirishwa kwenda kwenye seva hiyo. Nyumbani kwake kuna kompyuta mpakato ya ofisi isiyo na kadi ya michoro ya maana, televisheni ya inchi 43, na intaneti anayoilipia kila mwezi. Hesabu yake ya kwanza ilikuwa nyepesi: kama huduma inagharimu shilingi 35,000 kwa mwezi, fedha aliyoitenga ingemchezesha kwa zaidi ya miaka minne bila kununua chochote.

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mitandao ya majumbani na maofisini hapa Dodoma, na ndiyo sababu aliniita kabla hajaamua. Jibu nililompa baada ya vipimo ni kwamba kwa nyumba yake, kwa laini aliyonayo na kwa gemu wanazozipenda, kununua mashine ni bora, tena kwa tofauti kubwa. Hata hivyo sababu zake hazikuwa zile alizozitarajia. Yeye aliogopa spidi. Spidi ndiyo iliyokuwa tatizo dogo kuliko yote matatu tuliyoyapima. Kilichoamua ni muda ambao kitufe kinachukua kufika na picha kurudi, na baada ya hapo ni kikomo cha data cha mwezi.

Laini yenyewe

Intaneti ya nyumba hiyo ni ya ruta isiyotumia waya, inayopata mawimbi kutoka kwenye mnara wa simu. Kifurushi kimetangazwa kuwa cha Mbps 30, kinalipiwa shilingi 80,000 kwa mwezi, na kwenye tangazo kinaitwa cha bila kikomo. Masharti yake yanasema jambo jingine: baada ya GB 300 ndani ya mwezi mmoja, spidi inashushwa hadi Mbps 3 mpaka mwezi mwingine uanze. Masharti ya namna hii ni ya kawaida kwenye vifurushi vya nyumbani, na mtu anayetumia intaneti kwa barua pepe, WhatsApp na video za kawaida anaweza kukaa mwaka mzima bila kuyagusa. Anayestrimu gemu, yaani anayeicheza kutoka kwenye seva ya mbali, atayagusa mapema.

Asubuhi ya siku ya kazi, watu wakiwa Mtumba na maofisini, laini ilisoma Mbps 28. Usiku kati ya saa 2 na saa 4 ilisoma kati ya Mbps 9 na 14, na wakati mwingine ilipanda au kushuka ndani ya dakika moja. Hili halina siri. Mnara mmoja unagawa uwezo wake kwa nyumba zote zinazouelekea, na saa 2 usiku ndiyo saa ambayo kila nyumba ya mtaa imerudi na kuwasha simu, televisheni na kompyuta. Kwa hiyo kipimo cha asubuhi, hata kikiwa kizuri namna gani, hakimsaidii mtu ambaye atacheza usiku.

"Fundi, mbona asubuhi inasoma 28? Wao wanataka 15 tu," aliniuliza.

Alikuwa sahihi kuhusu hiyo 15. GeForce NOW, ambayo ni mojawapo ya huduma kubwa za aina hii, inataka angalau Mbps 15 kwa picha ya 720p yenye fremu 60 kwa sekunde, na Mbps 25 kwa picha ya 1080p. Usiku laini yake haifiki hapo, lakini huduma hizi zenyewe hushusha ubora wa picha laini inapopungua, na mtu anaweza kuvumilia nyasi za uwanja zilizofifia kidogo. Zaidi ya hayo, spidi inanunulika. Akihamia kifurushi kikubwa, au faiba ikifika mtaani kwake, tatizo la spidi linaisha. Ndiyo maana sikutaka tuamue kwa kigezo hicho.

Muda wa kwenda na kurudi

Masharti yale yale ya GeForce NOW yana mstari wa pili ambao watu wengi hawausomi: muda wa data kwenda kwenye kituo chao na kurudi uwe chini ya milisekunde 80, na wanapendekeza uwe chini ya 40. Mteja wangu alikuwa amepima kwa Speedtest na kuona milisekunde 28, akafurahi. Tatizo ni kwamba Speedtest, usipoiambia vingine, inachagua seva iliyo karibu nawe, na iliyochaguliwa hapa ilikuwa Dar es Salaam. Kipimo hicho kilikuwa sahihi kabisa kwa safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam. Huduma aliyotaka kuilipia ina seva zake Ulaya.

Njia ya kupata jibu la kweli ni kubonyeza "Change Server" na kuandika jina la mji ambao seva za huduma hiyo zipo, au mji mkubwa ulio karibu nao. Tulifanya hivyo usiku, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwenye ruta kwa kebo. Johannesburg ilisoma milisekunde 74. Frankfurt ilisoma 168.

Inafaa kueleza kwa nini namba hiyo ya pili haiwezi kupunguzwa sana na mtu yeyote, kwa sababu wauzaji wa vifurushi huacha mteja aamini kwamba kifurushi kikubwa kitaishusha. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, na hii inatoa kanuni rahisi ya kukumbuka: kila kilomita 100 za njia huongeza milisekunde 1 ya kwenda na kurudi. Kutoka Dodoma hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 6,800, kwa hiyo hata kama kungekuwa na uzi mmoja ulionyooka kupita juu ya jangwa na milima, usingeshuka chini ya milisekunde 68. Uzi huo haupo. Data ya Dodoma inashuka hadi Dar es Salaam, inaingia kwenye mkongo wa baharini, inapanda Bahari ya Hindi hadi Bahari ya Shamu, inavuka Misri, inaingia Mediterania, kisha inapanda nchi kavu ya Ulaya. Mzunguko huo peke yake unazidi milisekunde 100, na juu yake unaongeza mnara wa simu, ruta za njiani na foleni za usiku. Faiba ya nyumbani ingeondoa milisekunde chache za mnara, labda 15 au 20. Afrika ingebaki na urefu wake ule ule.

Hapo mdogo mtu akaleta hoja ambayo ni nzuri na inastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Alisema kwamba yeye na wenzake wa chuoni hucheza gemu za mtandaoni kwenye seva za mbali zenye milisekunde 150 na zaidi, na zinachezeka. Ni kweli zinachezeka, lakini kinachosafiri katika hali hizo mbili si kitu kimoja. Unapocheza mtandaoni kwa mashine yako mwenyewe, gemu inaendeshwa mbele yako. Ukisukuma kijiti kushoto, mchezaji wako anageuka kushoto papo hapo, kwa sababu mashine haisubiri ruhusa ya seva ili kukuonyesha tendo lako. Inatuma taarifa, inaendelea, na baadaye inasahihisha tofauti ikiwa ipo. Kuchelewa kunaonekana kwa wapinzani wako, au pale ambapo risasi uliyodhani imepiga inahesabiwa kuwa imekosa. Unapostrimu, mashine iliyo mbele yako haijui chochote kuhusu gemu. Inajua kupokea video na kutuma vitufe. Kila mguso, hata wa kufungua menyu, lazima uende Ulaya na kurudi kabla jicho halijaona mabadiliko. Milisekunde 150 zinazofichwa na gemu ya mtandaoni haziwezi kufichwa hapa.

Tuzihesabu kwa mpira wa miguu, kwa kuwa ndio wanaoucheza zaidi. Hata kwenye mashine iliyo sebuleni kuna kuchelewa: pedi, gemu yenyewe na televisheni kwa pamoja hufanya karibu milisekunde 90 kati ya kidole na picha, na hiyo ni iwapo televisheni imewekwa kwenye hali yake ya gemu. Kwa kustrimu kutoka Frankfurt tunaongeza 168 za safari, na karibu 20 za seva kubana picha na kompyuta kuifungua. Jumla inakuwa karibu 278. Kwa picha ya fremu 60 kwa sekunde, hizo ni karibu fremu 17 kati ya uamuzi wako na kile unachokiona. Pasi inayokwenda mita 15 kwa sekunde husogea karibu mita 3 ndani ya zile milisekunde 188 za ziada. Ndani ya mita 3 hizo ndimo beki anapokatia mpira, kipa anapodaka, na mshambuliaji anapozidi mstari wa kuotea. Mchezaji anaweza kujifunza kubonyeza mapema, na wapo wanaojifunza, lakini anakuwa anakisia badala ya kucheza.

Kwa Johannesburg hesabu ingekuwa karibu 184. Hiyo si nzuri kwa mpira, ila inavumilika kwa gemu za kupanga mikakati, za zamu kwa zamu, au za hadithi ambapo mtu anatembea, anasoma na kuchagua. Ni tofauti kubwa na ya kweli, nami nitairudia nitakapoeleza ni lini ushauri wangu ungegeuka.

Mtikisiko, na jinsi ya kuutambua

Wastani wa milisekunde 168 una madhara yake, lakini mtu huzoea kuchelewa kusikobadilika. Kinachochosha ni kuchelewa kunakoruka: fremu moja inafika baada ya 160, inayofuata baada ya 290, ya tatu haifiki. Kabla ya kulaumu mtoa huduma, pima vipande viwili kwa kutengana, cha ndani ya nyumba na cha nje. Kwenye Windows, amri mbili zinatosha:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

Anwani ya kwanza ni ya ruta, na kwenye ruta nyingine huwa tofauti, kwa hiyo angalia kibandiko cha chini yake. Ya pili ni ya nje, na hujibiwa na seva iliyo karibu, kwa hiyo haikupi umbali wa Ulaya. Tunaitumia kuona tu kama majibu yanafika kwa utulivu. Unachosoma ni namba iliyo mbele ya "time=" na maneno "Request timed out."

Katika nyumba hii, kompyuta ikiwa kwenye waifai ya 2.4 GHz chumbani kwa mdogo, ruta yenyewe ilijibu kwa milisekunde 3, kisha 5, kisha 60, kisha 4. Ruta iko sebuleni na kuta mbili za tofali ziko katikati, na waifai za majirani zilikuwa zikigombea masafa yale yale. Tulipohamia 5 GHz sebuleni, na kisha kebo, ruta ikajibu kwa 1 au 2 bila kuruka. Kipande cha ndani kikawa kimepona. Kipande cha nje hakikupona: usiku, 8.8.8.8 ilijibu kati ya 31 na 140, na majibu machache hayakuja kabisa. Mtu alipoanza kupakua faili kwenye simu huku tukipima, namba zilipanda zaidi, kwa sababu data ya gemu ilikaa kwenye foleni moja na data ya faili. Speedtest yenyewe huonyesha jambo hili, kwani chini ya matokeo yake inatoa muda wa kujibu wakati laini imetulia na muda wakati laini imejaa. Kwa kustrimu, soma ule wa pili.

Ukiwa tayari unacheza huduma ya majaribio na mambo hayaendi, macho yako yanaweza kukuambia chanzo. Picha ikigeuka vipande vya mraba kamera inapokimbia uwanjani, huku mchezaji bado anatii upesi, umepungukiwa spidi. Picha ikiwa safi kabisa lakini mchezaji anageuka baada ya wewe kukata tamaa, ni umbali, na hakuna kifurushi kitakachokuponya. Picha ikiganda kisha ikaruka mbele, ni mtikisiko au data iliyopotea njiani, na hapo anza na kebo.

Kikomo cha data

Kanuni ya hesabu ni hii: zidisha Mbps kwa 0.45, utapata GB kwa saa. Mbps 10 ni GB 4.5 kwa saa. Mbps 15 ni GB 6.75. Mbps 25 ni GB 11.25. Hizi ni kwa mkondo uliojaa muda wote. Kwenye menyu na picha tulivu matumizi hupungua, lakini kwenye mpira kamera haitulii, kwa hiyo hesabu kwa ukamilifu.

Ndugu hawa walitaka saa 2 kwa siku. Kwa Mbps 15 hizo ni GB 13.5 kila siku. Nyumba yenyewe, kwa rekodi ya ruta, ilikuwa ikitumia karibu GB 140 kwa mwezi kabla ya gemu yoyote, yaani kama GB 4.7 kwa siku. Jumla ni GB 18.2 kwa siku, na GB 300 zinakwisha siku ya 17. Siku 13 zinazobaki zinaendeshwa kwa Mbps 3, ambazo hazitoshi kustrimu gemu hata kwa picha ya chini kabisa inayotazamika, na ambazo zitaudhi kila mtu mwingine nyumbani, hasa kaka mwenye mikutano ya video ya kazini. Hili la mwisho ndilo lililomgusa zaidi kuliko hesabu zote za milisekunde.

Tulijaribu kubana. Wakishuka hadi Mbps 10, GB 160 zilizobaki baada ya matumizi ya nyumba zinatoa saa 35 kwa mwezi, yaani saa moja na dakika chache kwa siku kwa watu wawili. Wakipanda hadi 25 ili televisheni ya inchi 43 ionyeshe picha inayofaa, zinatoa saa 14. Kwa kutumia bando la simu mambo huwa mabaya zaidi: mtu anayenunua data kwa shilingi 2 kwa MB analipa kama shilingi 13,500 kwa kila saa ya Mbps 15. Sijui mchezo wa mpira unaostahili bei hiyo.

Ni lazima nikiri kwa upande wa pili kwamba mashine ya nyumbani nayo inakula data. Gemu kubwa za siku hizi hufika na kupita GB 100, na masasisho yake huja mara kwa mara. Lakini ukilinganisha utaona tofauti iliyopo: kupakua GB 100 mara moja ni sawa na saa 15 za kustrimu kwa Mbps 15. Kuanzia saa ya 16, kila saa kwenye mashine yako haigusi kikomo, au inakigusa kidogo sana ukicheza mtandaoni, kwa sababu gemu ya mtandaoni hutuma mahali ulipo na ulichofanya, haitumi picha. Kwa mtu anayecheza gemu moja ya mpira msimu mzima, saa 15 zinaisha ndani ya wiki moja au mbili. Tena faili la GB 100 linaweza kupakuliwa alfajiri kwa spidi yoyote, likakatika na kuendelea kesho yake. Mkondo wa gemu hausubiri alfajiri.

Hii inaleta pia suala la mikongo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini kwa wakati mmoja, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Intaneti ilizorota hadi data ilipopangiwa njia nyingine. Siku kama hizo mwenye diski na mashine anacheza kama kawaida. Anayestrimu amelipia mwezi ambao hauwezi kumfikia.

Fedha

Ili kustrimu kwa saa walizotaka, Mbps 15 zingehitaji GB 405 za gemu juu ya GB 140 za nyumba, jumla GB 545. Njia pekee kwa mtoa huduma wao ilikuwa laini ya pili ya shilingi 80,000. Ukiongeza ada ya huduma ya 35,000, gharama mpya ni shilingi 115,000 kwa mwezi. PS5 yenye sehemu ya diski tuliyoikuta dukani mjini ilikuwa shilingi 1,550,000, na pedi ya pili 180,000, jumla 1,730,000. Miezi 15 ya kustrimu ni shilingi 1,725,000. Kuanzia mwezi wa 16, anayestrimu analipa zaidi kila mwezi, na mwisho wake hana kitu cha kuuza, wakati PS5 iliyotunzwa hupata mnunuzi.

Gemu zenyewe zina gharama pande zote. Kwenye GeForce NOW, kwa mfano, unatakiwa uwe umeinunua gemu kwingine kwanza, kwani huduma inakukodisha mashine tu. Diski kwa upande wake huuzwa, huazimwa na kubadilishwa, na soko hilo lipo Dodoma. Umeme ni suala dogo: mashine inayotumia wati 200 kwa saa 60 za mwezi hula uniti 12. Umeme unapokatika pande zote mbili zinazima, ingawa mwenye PS5 atafanya busara kuiweka kwenye UPS, kwa sababu kuzimwa ghafla katikati ya kuandika data kunaweza kuharibu faili alizohifadhi.

Lipo pia suala la kama huduma ina nia ya kukuhudumia. Xbox Cloud Gaming haijaiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zake, na PlayStation Store haina duka la Tanzania, kwa hiyo wachezaji wa hapa hufungua akaunti za nchi nyingine. Kwa mwenye diski hilo ni usumbufu mdogo. Kwa anayetegemea huduma kwa kila dakika ya mchezo, ni msingi wa mchanga. Huduma zenyewe pia hufungwa. Stadia ya Google ilizimwa tarehe 18 Januari 2023, miaka mitatu na kidogo baada ya kuanza. Google ilirudisha fedha za gemu, jambo la kupongezwa, lakini ilikuwa hiari yake.

Kilichonunuliwa, na ni lini ningeshauri vingine

Walinunua PS5. Niliwasisitizia waichukue yenye sehemu ya diski, kwa kuwa ile ya kidijitali pekee ingewarudisha kwenye kupakua kila kitu kwa kikomo cha GB 300. Kwa matoleo mapya ambayo sehemu ya diski hufungwa kando, kumbuka kwamba inahitaji intaneti mara moja ili itambuliwe na mashine. Diski nayo uichunguze kabla ya kulipa, maana si kila diski ina gemu nzima ndani. Diski ya Call of Duty: Modern Warfare II ya mwaka 2022 ilikuwa na data kidogo mno, na gemu karibu yote ilipaswa kupakuliwa. Muuzaji mwaminifu atakuambia, na maandishi ya kasha husema ikiwa upakuaji unahitajika. Kisha tuliingia "Settings", "Saved Data and Game/App Settings", "Automatic Updates", tukazima upakuaji wa moja kwa moja, ili masasisho yashuke siku wanayoichagua wao, wakiwa wamekwisha kuangalia GB zilizobaki.

Ushauri wangu ungekuwa tofauti kwa mtu wa namna nyingine, na namna hiyo ipo hapa hapa Dodoma. Ni mtu mwenye faiba isiyo na kikomo kinachouma, anayepata chini ya milisekunde 60 kwa mji wenye seva za huduma anayoilipia, anayecheza gemu za hadithi peke yake na kuzimaliza. Gemu ya saa 12 kwa Mbps 15 hutumia GB 81, na huenda faili lake lingekuwa GB 100. Kwake kustrimu kunatumia data kidogo kuliko kupakua, na hana haja ya kumiliki mashine kwa gemu 3 za mwaka. Akilipia miezi anayocheza na kuacha inayobaki, hesabu inamkubali. Masharti hayo yote lazima yatimie kwa pamoja, na la seva ndilo gumu zaidi kwa sasa. Siku huduma itakapoweka seva Nairobi au Dar es Salaam, zile 168 zitakuwa kama 30, na hoja yangu ya kwanza itakuwa imekwisha. Ya kikomo cha data itabaki.

Mdogo mtu aliuliza kama basi kustrimu hakuna matumizi yoyote nyumbani kwao. Yapo. PS Remote Play inaonyesha gemu ya PS5 iliyo sebuleni kwenye kompyuta iliyo chumbani, na ikiwa zote ziko kwenye ruta moja, picha inapita ndani ya nyumba bila kuhesabiwa kwenye GB 300. Tuliiunganisha PS5 kwenye ruta kwa kebo na kompyuta kwenye waifai ya 5 GHz, na kaka sasa anaweza kuangalia taarifa ya habari kwenye televisheni wakati mdogo wake anacheza.